Likizo ya Hija: kwa nini wiki nne hazikatwi vipande, na barua inayolieleza hilo

Meneja asiyeijua Hija akiletewa barua ya mtu anayeomba wiki nne kwa mpigo, anajiuliza maswali matatu hata kama hayatamki. Kwa nini siku nyingi hivyo? Kwa nini mwezi huu? Na kwa nini asizigawe, aende wiki mbili sasa na mbili Desemba? Barua nyingi za maombi hazijibu hata moja. Ama zina mstari mmoja tu, "naomba ruhusa ya kwenda kutekeleza ibada ya Hija", ama zina ukurasa mzima wa aya na hadithi ambazo mwombwaji hana la kufanya nazo.

Ugumu ni kwamba kila swali lina jibu lake na chanzo chake. Tarehe inatoka kwenye dini. Wingi wa siku, kwa sehemu kubwa, unatoka kwenye usafiri. Suala la kugawa au kutogawa linaamuliwa na sheria ya kazi, na hapo Tanzania na Kenya hazifanani. Mwombaji anayechanganya vyote na kusema "dini inanitaka siku 28" anajiweka pabaya, kwa sababu siku barua hiyo ikipita mezani kwa Mwislamu mwenzake anayejua mambo, ataulizwa: Hija si siku sita?

Siku ya tisa

Naam, Hija yenyewe ni siku tano au sita. Inaanza tarehe 8 ya Mfunguo Tatu, yaani Dhul-Hija, mahujaji wanapohamia Mina. Tarehe 9 wako Arafa. Usiku wake wanalala Muzdalifa, na tarehe 10, siku ya Idd, kuna kutupa mawe, kuchinja, kunyoa au kupunguza nywele, na tawafu ya nguzo pamoja na saayi. Kisha wanarudi Mina siku za tashriki. Mwenye haraka anaruhusiwa kuondoka tarehe 12 kabla jua halijazama, na asiye na haraka anamaliza tarehe 13. Kabla ya kuondoka Makka kuna tawafu ya kuaga.

Katika yote hayo, kilichofungwa na saa kuliko vingine ni kisimamo cha Arafa. Muda wake unaanza jua linapopinduka adhuhuri ya tarehe 9 na unaisha alfajiri ya tarehe 10. Aliyekuwapo pale ndani ya muda huo, hata kwa kitambo kidogo, ameipata nguzo hiyo. Ambaye hakuwapo Hija imempita mwaka huo, na hakuna kafara inayoweza kuziba pengo. Mtume alisema "Hija ni Arafa", na wanazuoni wameichukua kauli hiyo kwa uzito wake wote. Mengine, kama kutolala Mina au kuacha kutupa mawe, yana njia ya kufidiwa kwa kuchinja. Arafa haina.

Hili ndilo la kumwambia mwajiri, na sentensi mbili zinatosha. Kwamba Hija ni nguzo ya tano analijua hata asiye Mwislamu. Asichokijua ni kwamba tarehe haichaguliwi na anayekwenda. Umra unaweza kuifanya Januari au Septemba, ukipenda mwaka huu, ukipenda mwakani, na pengine meneja ameona wafanyakazi wengine wakienda Umra kwa wiki moja na nusu wakarudi. Ni rahisi adhani hii ni ileile. Tofauti hiyo iandikwe wazi.

Kuna jambo dogo linaloleta mkanganyiko maofisini. Kalenda ya mwandamo ni fupi kuliko ya jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Hija inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2024 Arafa ilikuwa 15 Juni, mwaka 2025 ikawa 5 Juni, na kwa mwaka 2027 inatarajiwa 15 Mei. Neno "inatarajiwa" lina maana yake, kwani mwezi hutangazwa Saudia usiku wa kuamkia mwezi mosi, na hapo Arafa imebakiza siku kama tisa tu. Barua inayoandikwa miezi kadhaa kabla iseme hivyo hivyo, kwamba tarehe inaweza kusogea kwa siku moja. Tena Idd yetu ya nyumbani mara nyingi huja siku moja baada ya ile ya Makka. Mkuu wa idara anayehesabu kwa kutumia sikukuu iliyochapishwa kwenye kalenda ya ukutani anaweza kukupa ruhusa isiyolingana na safari yako.

Wiki zinakotoka

Ikiwa ibada ni siku sita, hizo nyingine zinatoka wapi? Kwanza hakuna anayefika Makka tarehe 7 akaungana na msafara. Saudia huacha kupokea mahujaji wanaoingia kwa ndege siku chache kabla ya tarehe 8, kwa sababu watu zaidi ya milioni moja hawahamishwi kwenda Mina huku wengine bado wanateremka Jidda. Kwa hiyo lazima uwe umeshafika. Baada ya Hija mambo ni yaleyale kwa upande wa pili: wote wanataka kuondoka kwa wakati mmoja, viti vya ndege ni vichache, na vikundi vinapangiwa zamu. Mahujaji wetu wanasafiri kwa taasisi za Hija, na tiketi ni ya kundi. Hakuna anayejichagulia siku ya kurudi.

Kisha kuna Madina. Taasisi nyingi huweka siku nane pale, na namba hiyo haikuokotwa. Inatokana na riwaya inayotaja fadhila za kuswali swala 40 mfululizo katika Msikiti wa Mtume. Swala tano kwa siku, siku nane. Wanahadithi wamehitilafiana juu ya nguvu ya riwaya hiyo, na hakuna mwanazuoni anayesema ziara ya Madina ni nguzo ya Hija. Ni sunna yenye kupendeza sana, na mtu aliyejinyima miaka kadhaa ili afike Hijazi huwezi kumlaumu akitamani kumsalimu Mtume wake. Lakini mwombaji ajue moyoni mwake kwamba hapa ndipo pana nafasi ya kupunguza. Mwajiri akisema wiki nne ni nyingi mno, usianze kukata siku za Makka. Itafute taasisi yenye kifurushi kifupi, chenye siku mbili tatu za Madina au kisicho nazo kabisa. Vifurushi hivyo vipo, ingawa kwa kawaida bei yake iko juu.

Na zipo siku za akiba, ambazo watu wengi husahau kuziomba. Ndege huahirishwa. Mtu hulazwa kwa joto au kikohozi. Mwanamke akiingia hedhini kabla ya tawafu ya nguzo, asili ya hukumu ni kwamba anasubiri atwahirike ndipo atufu, na msafara wake unaweza kumsubiri au kumbadilishia tiketi. Hayo hayana haja ya kuandikwa kwenye barua ya ofisini. Inatosha kusema "siku za tahadhari kwa ajili ya kuchelewa kwa safari".

Kwa kulinganisha, sheria ya kazi ya Saudia inampa mfanyakazi likizo ya Hija yenye malipo, siku 10 hadi 15 pamoja na Idd, mara moja katika utumishi wake, akiwa amefanya kazi kwa mwajiri huyo angalau miaka miwili mfululizo. Oman, ambako Waswahili hawakosekani, inatoa siku 15, nazo ni mara moja. Siku hizo zinamtosha anayekwenda kwa basi kutoka Riyadh au anayeruka masaa machache kutoka Maskati. Kwa anayetoka Tanga au Mombasa hazitoshi, na asidanganywe na mtu anayemwonyesha sheria ya huko.

Sheria inakupa nini

Tanzania na Kenya hazina likizo maalumu ya Hija kwa wafanyakazi wote. Unachotumia ni likizo yako ya mwaka, na masharti ya nchi hizi mbili yanatofautiana pale hasa panapokuuma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema mwajiri atampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 *mfululizo* kwa kila mzunguko wa likizo wa miezi 12. Kwa hiyo ukiomba kipindi kimoja kisichokatwa, hujaomba fadhila. Lakini soma inavyoendelea: mwajiri ndiye anayeamua likizo ichukuliwe lini, mradi isipite miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 ikiwa umekubali mwenyewe na mahitaji ya kazi yanalazimisha. Mfululizo umepewa wewe, tarehe amepewa yeye. Hija inahitaji vyote viwili. Ndiyo maana kwa Mtanzania kazi kubwa ya barua ni kumshawishi mwajiri kuhusu *tarehe*.

Siku hizo 28 ni za kalenda. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinazoangukia ndani zinahesabiwa humo humo. Vilevile, ukiwa umeomba na kupewa siku za dharura zenye malipo ndani ya mzunguko huohuo, mwajiri ana haki ya kuzipunguza kwenye 28. Mtu mwenye nia ya Hija ajihadhari na kuzitafuna siku mojamoja kwa harusi na shughuli.

Kenya mambo yamegeuka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku zisizopungua 21 za *kazi* zenye malipo kamili. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, hizo ni wiki nne na siku moja. Mwajiri anaweza kuzigawa, ila kwa ridhaa ya mfanyakazi, na zikigawanywa sehemu moja isipungue wiki mbili za kazi bila kukatizwa. Wiki mbili hazimfikishi mtu Arafa na kumrudisha kwa vifurushi vya kawaida. Mkenya basi aufungue mkataba wake aone kama hakuweka sahihi kifungu kinachoruhusu likizo igawanywe, kwa maana wengi walisaini siku ya kuajiriwa bila kukisoma. Barua yake itetee zaidi *mfululizo*.

Sheria zote mbili zinakataza ubaguzi wa kidini kazini. Hilo halikuundii likizo ambayo haipo, lakini lina nguvu pale penye kulinganisha. Kama mwenzako wa idara hiyohiyo alipewa wiki nne mfululizo kwa jambo lake, wewe ukanyimwa kwa kuwa lako ni la ibada, hapo pana swali la kujibiwa.

"Si uende mwakani?"

Hili ni swali la haki kuulizwa, na jibu lake lisiwe la kukasirika. Maimamu wamehitilafiana kama Hija ni wajibu wa papo kwa papo mara mtu apatapo uwezo, au inaweza kucheleweshwa. Wengi wanaona ni papo kwa papo. Mashafii, na ndiyo madhehebu yetu mwambao wote huu, wanaruhusu kuchelewesha maadamu mtu ana azma thabiti na hachelei kushindwa baadaye. Hoja yao ni kwamba Hija, kwa hesabu yao, ilifaradhishwa mwaka wa 6 wa Hijra na Mtume akahiji mwaka wa 10.

Kwa hiyo Mshafii akimwambia bosi wake "nisipokwenda mwaka huu nitapata dhambi", kwa kawaida anasema kuliko ilivyo kwenye vitabu vyake mwenyewe. Jibu la kweli ni jepesi zaidi na halihitaji kutisha mtu: uwezo nilio nao sasa si wa kudumu. Fedha imetimia, afya ipo, nafasi kwenye kundi imepatikana, pengine mama mzee anayefuatana nami hatakuwa na miguu ya mwakani. Uwezo katika Hija ni sharti la faradhi lenyewe, na mwajiri yeyote mwenye wazazi anaelewa maneno hayo.

Liko pia jambo ambalo wahubiri hawalisemi sana. Mkataba wa kazi ni ahadi, na Qur'ani inaamrisha kutimiza ahadi katika aya ya kwanza kabisa ya Suratul Maida. Kutoroka kazini kwenda Hija, au kujitafutia cheti cha uongo cha ugonjwa ili uende Makka, ni kuanza safari kwa mguu mbaya. Kisheria nako kuna hatari. Miongozo ya nidhamu ya Tanzania ya mwaka 2007 inahesabu utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu.

Mfano wenye tarehe

Tumchukue mhasibu wa kampuni ya kusafirisha mizigo Dar es Salaam. Aliajiriwa tarehe 1 Machi, hivyo mzunguko wake wa likizo unaisha mwisho wa Februari, na anataka Hija ya mwaka 2027. Taasisi imempa ratiba ya awali: kuondoka usiku wa Jumatatu 26 Aprili, siku nane na ushei Madina, kwenda Makka kuanzia 5 Mei na kufanya Umra, kungoja hadi 14 Mei, Hija hadi 19 Mei, kurudi Jumapili 23 Mei.

Angalia tarehe ya kuondoka. Tarehe 26 Aprili ni Siku ya Muungano, na hakuna kazi. Akiianzisha likizo siku hiyo ameitupa siku moja kati ya 28. Akiianzisha Jumanne ya 27, siku zake 28 zinakwisha Jumatatu ya 24 Mei, yaani siku moja baada ya kutua. Mei Mosi na Idd zimemezwa humo ndani na hawezi kuzidai. Kwa tahadhari anaomba siku nne za kazi bila malipo, Jumanne 25 hadi Ijumaa 28 Mei. Vikitokea vya kutokea, anaripoti Jumatatu ya 31.

Likizo hii ni ya mzunguko ulioisha Februari, na miezi sita ya kuichukua inafika mwisho wa Agosti, kwa hiyo Mei iko ndani kabisa ya muda wa sheria. Hili nalo aliandike, maana mara nyingi ofisi ya utumishi hukataa kwa kudhani siku bado hazijaiva.

Kazi zake je? Kwa mhasibu mwezi Mei una vigingi viwili visivyosogea: ritani ya kodi ya mishahara ifikapo tarehe 7, na ya kodi ya ongezeko la thamani ifikapo tarehe 20. Vyote vinaangukia yeye akiwa Makka. Meneja mwenye akili atalifikiria hilo kabla ya kumaliza aya ya kwanza, basi afadhali mwombaji awe wa kwanza kulitaja. Barua yake, iliyoandikwa Oktoba 2026 kabla hajalipa hata shilingi ya awali kwenye taasisi, ingekuwa hivi:

> YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA, SIKU 28 MFULULIZO, KUANZIA 27 APRILI 2027
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Naomba kuchukua likizo yangu ya mwaka, ya mzunguko utakaokamilika tarehe 28 Februari 2027, kwa kipindi kimoja kisichogawanywa kuanzia Jumanne tarehe 27 Aprili hadi Jumatatu tarehe 24 Mei 2027, ili nitekeleze ibada ya Hija. Aidha, naomba siku nne za kazi bila malipo, tarehe 25 hadi 28 Mei, ambazo nitazitumia endapo tu safari ya kurudi itachelewa.
>
> Hija ni nguzo ya tano ya Uislamu na ni faradhi mara moja katika maisha kwa mwenye uwezo. Mimi sijawahi kuitekeleza. Tofauti na Umra, ambayo hufanyika wakati wowote, Hija ina siku zake maalumu katika mwaka. Kilele chake ni kisimamo cha Arafa, kinachotarajiwa kuwa tarehe 15 Mei 2027, na asiyekuwapo siku hiyo Hija ya mwaka huo huwa imempita. Tarehe hiyo huthibitishwa kwa kuandama kwa mwezi na inaweza kusogea kwa siku moja.
>
> Ibada yenyewe itakuwa kati ya tarehe 14 na 19 Mei. Siku zinazobaki ni za safari, Umra na ziara ya Madina, kwa ratiba ya kundi ambayo siwezi kuibadilisha peke yangu. Kwa sababu hiyo siwezi kugawa likizo hii katika sehemu mbili. Nimeambatisha ratiba ya awali ya taasisi.
>
> Kuhusu kazi, mwenzangu wa kitengo amekubali kushughulikia ritani za tarehe 7 na 20 Mei. Tutazifanya pamoja kuanzia Februari hadi Aprili ili azizoee, na nitamkabidhi mafaili kwa maandishi ifikapo tarehe 23 Aprili. Nitapatikana kwa ujumbe wa simu, isipokuwa tarehe 14 hadi 19 Mei.
>
> Naomba kupata jibu la maandishi kabla ya tarehe 15 Novemba 2026, kwa kuwa taasisi inahitaji malipo ya awali baada ya hapo.

Wengine watasema ni ndefu. Mimi naona kila aya inajibu swali ambalo lingeulizwa vyovyote iwavyo. Isipokuwa ile ahadi ya kupatikana kwa simu, ambayo binafsi ningeifuta. Likizo ni likizo, na ukishaiandika utapigiwa ukiwa kwenye tawafu. Lakini najua ofisi ambazo bila sentensi hiyo barua hairudi na sahihi.

Jambo moja ambalo halimo kwenye barua ila linastahili kuulizwa kwa mdomo ni mshahara. Sheria ya Tanzania inataka malipo ya kipindi cha likizo yalipwe kabla likizo haijaanza. Mwenye salio la kifurushi cha Hija la kumalizia na fedha ya matumizi ya nyumbani ya kuacha anahitaji kujua mapema kama ofisi yake inalifuata hilo au itamlipa mwisho wa mwezi kama kawaida.

Mtumishi wa umma aongeze swali jingine kwa mwajiri wake mapema, la kibali cha kutoka nje ya nchi. Ruhusa ya likizo na kibali cha kusafiri ni karatasi mbili tofauti.

Kimya si ruhusa

Mwaka 2005 baraza la kazi la Leeds, Uingereza, lilisikiliza shauri la msafisha mabasi Mwislamu aliyefukuzwa baada ya kurudi Hija. Alikuwa ameomba kutumia siku zake zote 25 za likizo pamoja na wiki moja bila malipo. Ofisi haikumjibu. Akaambiwa kazini kwamba asiposikia neno achukulie mambo ni shwari, naye akaondoka. Aliporudi akasimamishwa, kisha akafukuzwa kwa utoro. Baraza liliamua alibaguliwa kwa dini yake na akalipwa fidia. Alishinda, ila kwanza alipoteza kazi na ikambidi aende barazani.

Kila kipengele cha kisa hicho kipo kwenye ofisi zetu: barua iliyolala kwenye trei, msimamizi anayesema "we nenda tu, hakuna shida", na mkuu mwingine anayerudi kutoka safari na kuuliza fulani yuko wapi. Barua ikiwasilishwa, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Jibu likichelewa, andika ya kukumbushia. Ukikubaliwa kwa mdomo, tuma ujumbe mfupi wa barua pepe siku hiyohiyo: "Nashukuru kwa kikao chetu cha leo ambapo uliniruhusu likizo kuanzia tarehe fulani hadi fulani." Wengi wakishaandikiwa hivyo hawarudi nyuma.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, na uende na pendekezo mkononi. Kifurushi kifupi kisicho na Madina ni pendekezo. Wiki tatu za likizo na nyingine bila malipo ni pendekezo. Kumwomba mwajiri akubali mwaka unaofuata, kwa maandishi na kwa tarehe zinazotarajiwa, ni pendekezo zuri kuliko yote kwa Mshafii ambaye hana hofu ya kushindwa, kwa sababu anapata azma yake na ruhusa yake pamoja. Ukiona dalili za ubaguzi, chama cha wafanyakazi ndicho cha kwanza, kisha, kwa Tanzania, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ukomo wa muda wa kupokea malalamiko, kwa hiyo usikae nalo.

Tarehe zikishathibitishwa na tiketi kutoka, mhasibu wetu anapeleka barua ya pili, fupi, yenye tarehe kamili na rejea ya ile ya kwanza. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo achome mapema, kwa kuwa Saudia inataka iwe imepita siku 10 angalau kabla ya kuingia, na isimlazimu kuomba siku nyingine ya ruhusa dakika za mwisho. Na akirudi salama tarehe 23 Mei bila ndege kuchelewa, aripoti Jumanne ya 25 na aandike mstari mmoja kwamba zile siku nne bila malipo hakuzitumia. Asipofanya hivyo watu wa mishahara watazikata, na kuzirudisha kutachukua miezi.